Digrii Mbili Kusini

Mdogo wangu alipoajiriwa katika mradi wetu wa maji pale Kitui, meza yangu ya kuchorea ilisukumwa hadi kwenye korido ili kompyuta ipate mahali. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimechorea juu ya meza hiyo miaka mingi, mabwawa na mitaro na mabomba, kwa kalamu za wino na rula ya chuma, na hakuna aliyeniuliza kama korido ina mwanga wa kutosha. Mkubwa wetu aliingia na wanaume wawili, wakaiinua, wakatoka nayo. Mdogo wangu akasimama kando akiwa ameshika kitambaa cha kufutia vumbi, akaniambia, "Pole, dada." Nikamwambia haina neno.

Ilikuwa na neno. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika penseli kule kwetu Mukuyuni, alipokuwa bado hajaanza shule. Sasa alikuwa ametoka chuoni Nairobi na cheti cha kompyuta, amevaa viatu vya kisigino kifupi, na wageni wa mradi walipofika walipelekwa kwake kwanza. Walisimama nyuma ya kiti chake wakitazama kioo cha kompyuta. Wakati wa kutoka walipita karibu na meza yangu, na mmoja aliwahi kuniuliza choo kiko wapi.

Jumapili nilizokuwa nikienda nyumbani, mwaitu, mama yetu, alisimama kanisani wakati wa ushuhuda na kumshukuru Mungu kwa ajili ya binti yake anayefanya kazi na kompyuta. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Watu waligeuka kunitazama wakidhani ni mimi, kisha wakakumbuka kwamba mimi ni yule mwingine.

Kazi iliyotukutanisha ilikuja wakati wa ukame. Mradi ulitaka kufufua visima virefu vilivyochimbwa zamani, tangu miaka ya sitini, kisha vikafunikwa mdomo na kuachwa pampu zilipoharibika. Hakuna aliyejua vyote viko wapi. Kilichobaki ni jedwali la wapima ardhi, lililopigwa taipu, ambalo ofisi moja ya Nairobi ilikuwa imelipitisha kwenye skana na kutuletea kwenye diski. Skana ilikuwa imekata sehemu ya juu ya kila ukurasa, kwa hiyo kichwa cha habari hakikuwepo, wala jina la mahali. Kulikuwa na namba ya kisima, latitudo, longitudo na kina, basi.

Mkubwa alitaka visima hivyo vionekane kama vitone kwenye ramani ya kompyuta. Tatizo ni kwamba wapima wa zamani waliandika kwa digrii, dakika na sekunde, na programu ile ya ramani ilikubali digrii za desimali tu. Tena mashine haikuweza kujisomea maandishi. Ile alama ndogo ya duara inayofuata digrii iliichukua kuwa sifuri, ikawa 2 inageuka 20, na alama za dakika na sekunde ikazigeuza kuwa moja moja. Ikabidi mtu asome kwa macho na mwingine aandike. Mkubwa aliniita kutoka korido na kuniambia nimsomee mdogo wangu.

Nimsomee. Nilivuta kigoda, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja, nikaanza. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na visima vyenye digrii mbili kusini vyote. Nilisoma kwa sauti ile ya kusomea watoto imla. "Mbili, arobaini na moja, ishirini na nne, kusini. Thelathini na nane, kumi, kumi na mbili, mashariki." Yeye akiandika kila namba kwenye safu yake, vidole vikienda bila yeye kuvitazama, nami nikivitazama kwa niaba yake.

Mara nyingine wino ulikuwa umevuja na sikujua kama tarakimu ni tatu au nane. Ikiwa iko mwanzoni mwa sekunde hatukusumbuka, maana sekunde haziwezi kufika themanini, hivyo ni tatu. Ikiwa iko mwishoni tuliweka alama ya kuuliza pembeni, kwa kuwa kosa la sekunde tano latitudoni ni kama mita mia na hamsini, na katika vichaka vyetu mtu anaweza kupita mita hizo asione bomba lililofunikwa. Mambo hayo tulielewana bila kubishana. Kazini tuliweza kuwa kama zamani, kisha mlango unafunguliwa na mtu anasema, "Binti wa kompyuta yuko?"

Alinieleza hesabu yenyewe bila mimi kumwuliza. Dakika unagawa kwa sitini, sekunde unagawa kwa elfu tatu na mia sita, unajumlisha na digrii. Nilikuwa najua. Nilimwacha aeleze.

Ramani ya kwanza ilipotokea, vitone vyetu vyote vilikuwa Marsabit, kaskazini ya ikweta. Mkubwa alicheka mpaka akakaa. Mdogo wangu naye alicheka, akasema amesahau kwamba kompyuta haijui neno kusini. Chini ya ikweta namba lazima iwe na alama ya kutoa. Akarudi kwenye safu ya digrii, kila mbili akaigeuza kuwa kasoro mbili, na vitone vikashuka vyote pamoja vikatua Ukambani, vimetawanyika vizuri kati ya Kitui na Makueni. Mkubwa akapiga makofi. Akaichapisha ramani, akaita watu wa ofisi nyingine waje waone. Mimi nilirudi korido kumalizia mchoro wa bwawa, na mstari wangu wa kwanza ulitoka mnene kuliko nilivyotaka.

Mafundi wa pampu walipewa ramani hiyo, wakaenda kutafuta kisima kilichoonyeshwa mashariki ya mji wa Kitui. Walirudi jioni wamekasirika. Walikuwa wameuliza kila boma. Watu wa huko hawakuwahi kuona mashine ya kuchimba maji tangu wazaliwe, na mama mmoja aliwauliza kama serikali imeanza kupoteza visima kama watu wanavyopoteza mbuzi. Siku iliyofuata walienda kwingine, ikawa vilevile.

Mkubwa hakucheka tena. Alizungumza na mdogo wangu mlango ukiwa wazi, na mimi korido nilisikia. Alimwuliza kama chuoni walimfundisha kweli. Nilifurahi. Furaha hiyo ilikuwa tamu kama chai ya kwanza asubuhi, na nilikunywa polepole, nikichonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa.

Kisha mdogo wangu akatoka akaja mezani kwangu. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa ameshika karatasi yenye mistari yetu ya kwanza.

"Dada, nionyeshe kwa mkono," alisema. "Hiki cha kwanza tu. Mahali kilipo."

Nilitandika ramani ya karatasi ya wapima. Pembezoni mwake zimeandikwa digrii na dakika. Niliweka rula kwenye mbili na dakika arobaini, nikasogea kidogo kusini kwa dakika moja na sekunde ishirini na nne, nikavuta mstari mwembamba. Nikafanya hivyo upande wa mashariki. Mistari ilikutana karibu na Mtito Andei, pale Tsavo inapoanzia. Mafundi walikuwa wametafuta kisima hicho karibu kilomita mia na hamsini kaskazini.

Aliinama juu ya meza, nywele zake zikanigusa shavu. Alikaa hivyo muda, akinong'ona namba. Dakika arobaini na moja na sekunde ishirini na nne ni nukta sita tisa. "Ilipaswa kuwa mbili nukta sita tisa," alisema. "Kompyuta imepata moja nukta tatu moja." Halafu akashika kipaji cha uso.

"Nimeweka kasoro kwenye digrii peke yake. Kasoro mbili, halafu nikajumlisha dakika. Dakika zinaturudisha kaskazini badala ya kutupeleka kusini."

Nami niliona wakati huohuo. Unapaswa kujumlisha kwanza vyote vitatu, upate mbili nukta sita tisa, ndipo uweke alama ya kutoa mbele ya jumla yote. Kila kisima cha ukurasa ule kilikuwa kimesukumwa juu, na kile cha kusini kabisa ndicho kilichosukumwa mbali zaidi. Kwa kuwa vyote vilibaki ndani ya wilaya zetu mbili, hakuna aliyeshtuka.

Hakukimbilia kompyuta. Alikuwa akitazama mstari wangu.

"Unajua mwalimu wa darasa la tatu alikuwa akinionyesha madaftari yako?" aliniuliza. "Yale ya zamani, alikuwa ameyaweka kabatini. Ananiambia, dada yako aliandika hivi, wewe unaandika kama kuku. Nilikuchukia mwaka mzima. Nilichagua kompyuta kwa sababu haina mwandiko."

Sehemu yangu moja ilikasirika kwamba hata kwenye wivu, uliokuwa wangu, alikuwa amenitangulia.

Alisahihisha fomula, na kitone kikateremka kwenye kioo hadi pale nilipokuwa nimevuta mistari. Alikwenda kwa mkubwa akasema kosa lilikuwa lake na kwamba tumelipata sisi wawili. Mkubwa alisikia nusu ya kwanza tu ya sentensi hiyo. Akamsifu kwa ujasiri.

Mafundi walienda Mtito Andei, na safari hii nilipanda gari pamoja nao. Nyuma ya nyumba ya kulala wageni, mbali kidogo na barabara ya malori, kwenye kichaka cha miiba, kulikuwa na bomba la chuma lenye mfuniko uliochomelewa. Namba iligongwa kwenye chuma, ileile ya jedwali. Fundi mmoja aliangusha kijiwe kwenye tundu la pembeni, na tukasikia maji yakikipokea huko chini. Mwenye nyumba ya wageni, aliyekuwa akinunua maji ya mapipa, alishika mkono wangu akasema asante, mama. Nilimwambia ilikuwa kazi ya ofisi.

Kabla ya mvua kuanza, mradi ulimpeleka mdogo wangu Nairobi kusomea ramani za kompyuta zaidi, na hakurudi Kitui. Kiti kikabaki kitupu. Mkubwa, kwa kukosa mtu, akaniambia nikikalie. Nilikaa nikaandika kurasa zilizobaki, digrii kwenye safu yake, dakika kwenye yake, sekunde kwenye yake, na alama ya kutoa mbele ya mabano yote. Mikono yangu ilikuwa mizito. Hakuna aliyekuja kusimama nyuma yangu.

Jumapili moja mwaitu alisimama tena kanisani, akashukuru kwa binti yake aliyeko Nairobi. Tulipotoka nilimwambia kwamba siku hizi mimi pia natumia kompyuta. Nilisema kama mtu anayetaja bei ya maharagwe.

Alifunga leso yake vizuri, akatembea hatua kadhaa. "Huyo mdogo nilikuwa namwogopea," alisema. "Alipokuwa shuleni nilidhani hatafika popote. Ndiyo maana bado nashangaa mbele za watu. Wewe sikuwahi kukuogopea."

Alisema hivyo kama mtu anayenipa kitu kikubwa, na ninadhani alikuwa ananipa. Nilimshika mkono tukavuka barabara kuelekea sokoni. Lakini ningependa kuogopewa kidogo. Ningependa, hata mara moja, asimame nikiwa nimekaa pale pembeni yake, watu wageuke kunitazama, na wasikumbuke kwamba kuna mwingine.