Mikeka Miwili ya Mzee Diriye

Tangu amzike mkewe Ebla, Mzee Diriye hakuweza kukaa. Akiketi, anainuka. Akiinuka, hajui aendako. Kila asubuhi alizunguka zizi la mbuzi wake wachache, hapo kando ya mji wa Garissa, akirudi anakuta mikeka miwili imeanikwa juu ya ua wa miiba. Zamani ulikuwa mmoja.

Mmoja ni wa Guleid, mjukuu wake wa miaka saba. Huyo hakuwahi kuamka mkavu tangu azaliwe. Ebla alikuwa akiufua mkeka wake watu wakiwa bado wamelala, hasemi neno, na mzee alijifanya haoni. Wa pili ni wa Hibo, dada yake Guleid, miaka tisa. Hibo alikuwa mkavu tangu akiwa mdogo. Ameanza juzijuzi, baada ya bibi yake kufa.

"Huyo ni majonzi," alisema Kaaha, jirani. "Macho yamekataa kulia, analia kwa chini. Mwache. Lakini huyu kijana, Diriye? Miaka saba? Ataoa na nailoni chini ya shuka?"

Mzee hakucheka. Majonzi aliyajua, kwa hiyo kwa Hibo hakuuliza zaidi. Akaanza kuwanyima wote wawili maji baada ya magharibi. Siku moja alimkuta Hibo amepiga magoti, anakunywa kwenye birika la udhu.

"Nina kiu, awowe," Hibo alimwambia babu yake.

"Kiu gani? Jua limezama."

Akamnyang'anya birika. Mtoto alikuwa mwepesi mkononi kama kitambaa. Mzee aliona, akapita.

Kesho yake akamshika Guleid mkono, wakaenda zahanati. Hibo alibaki amelala kwa Kaaha. Alisema tumbo linauma.

Aliyewapokea ni daktari Tuye, mama wa Kiborana kutoka upande wa Moyale. Alimpima Guleid uzito na urefu, akambonyeza tumbo, akampa kikopo akakojoe. Huku anauliza.

"Ameshawahi kukaa miezi mkavu?"

"Hapana."

"Mchana hujikojolea? Akikojoa analia? Choo kigumu? Usiku anakoroma?"

"Hapana. Hapana." Mzee alikuwa amesimama mlangoni tayari, anachezea tasbihi.

"Baba yake je, alikojoa kitandani?"

Mzee akakohoa. "Mpaka alipoanza kuchunga ngamia."

Daktari akacheka. Akatumbukiza kijiti kwenye kikopo, akakitazama. "Mkojo safi. Mtoto huyu mzima, mzee. Wapo wa rika lake ambao bado wanakojoa usiku, mwili haujakomaa tu. Anywe maji ya kutosha mchana, jioni apunguze, akojoe kabla ya kulala. Usimchape, usimwaibishe. Likija jambo jipya, mrudishe."

"Basi wawili ni sawa," mzee alisema, akivaa viatu. "Dada yake pia. Huyo ameanza juzi, kwa ajili ya bibi yake."

Daktari aliacha kuandika. "Kabla ya hapo alikuwa mkavu?"

"Miaka."

"Anakunywa maji sana?"

Mzee akalikumbuka lile birika.

"Amekonda?"

Tasbihi ilisimama.

"Mzee, majonzi huweza kumkojoza mtoto. Lakini majonzi hayamkondeshi huku anakunywa maji kama ngamia wa kisimani. Umemleta asiye na haraka. Mlete huyo mwingine sasa hivi. Na akitaka maji, mpe."

Mzee alimwacha Guleid pale, akapanda tuktuk, na hata ndani ya tuktuk hakukaa, alishika chuma akainama mbele kama anayeisukuma. Kwa Kaaha alimkuta Hibo ametapika. Anahema kwa nguvu. Pumzi yake ilinuka tamutamu, kama tunda lililoiva kupita kiasi.

Akambeba hadi zahanati, na daktari Tuye akamchoma kidole, tone moja la damu. Kimashine cha kupimia damu hakikuonyesha namba. Kiliandika tu kuwa sukari imepanda kupita kipimo chake.

"Sukari? Kwa mtoto?"

"Hata mtoto, mzee. Twende."

Hospitali kubwa walimtundikia maji ya mshipa na kumpa insulini. Mzee alizunguka kitanda. Nesi akamwambia akae. Akakaa, akainuka. Siku mbili zikapita hivyo, hadi Hibo alipofumbua macho vizuri.

"Awowe, naomba maji."

Mzee akamtazama nesi. Nesi akaitikia kwa kichwa. Akamimina kikombe hadi ukingoni na kupitiliza, maji yakamwagika shukani.

"Umelowesha kitanda," Hibo alisema.

Walimfundisha mzee kumchoma Hibo sindano ya insulini, kila siku, maisha yote. Vidole vyake vilikuwa vizito. Akajifunza.

Nyumbani, alfajiri, mzee anafua mwenyewe mkeka wa Guleid. Kaaha alimkuta akiuanika.

"Huyu bado tu?"

"Huyu bado," mzee alisema. "Huyu ni wa kungoja."

Akapangusa mikono, akaenda haraka kumwamsha Hibo. Kwanza aliugusa mkeka wake kwa kiganja. Ulikuwa mkavu.