Jina la Mtumaji

Fundi cherehani aliuza kiwanja alichorithi kwa mama yake ili anunue chumba cha kushonea. Fedha zilipoingia tu, benki ikazuia akaunti, na mwenye chumba akatishia kumuuzia mwingine. Fundi akakimbilia benki na mkataba wa mauzo na hati za mirathi.

"Mama, mnunuzi kwenye mkataba ni mwanamume," ofisa alisema. "Aliyetuma fedha ni mwanamke."

"Si mkewe huyo! Kwao mume hashiki hata pochi."

Ofisa akacheka. "Basi walete barua ya maelezo, vitambulisho na cheti cha ndoa."

Mke alivileta mwenyewe, amenuna. Benki ilipojiridhisha, ikafungua akaunti. Chumba kikanunuliwa, na gauni la kwanza kushonwa humo likawa la mke yule, bure.