Kiputo cha Hodi ya Tatu

Mimi subira sikuzaliwa nayo. Mama yangu husema nilitoka kabla mkunga hajanawa mikono, na sijawahi kumpinga. Kwa hivyo watu hushangaa wakisikia kazi niliyojichagulia: kuchukua katuni zilizochorwa kwenye karatasi na kuzifanya zitembee kwenye kioo cha kompyuta. Ni kazi ya kukaa kitako mchana kutwa, ukimsogeza mtu wa picha kidogo, utazame, umrudishe, umsogeze tena. Naipenda, lakini naifanya nikisonya.

Chumba changu kiko Mji wa Kale, juu ya duka la vitambaa, na huko ndiko rafiki yangu alikoniletea kurasa za babake.

Huyu rafiki ni mchoraji. Tulisoma pamoja, shule moja mtaa wa Tudor, na upole wake umepita mpaka: akijigonga kwenye kiti, atakiomba radhi kiti. Babake alikuwa fundi wa cherehani, si wa kushona, wa kuzitengeneza zikiharibika. Alipofariki, bintiye hakulia sana mbele za watu. Alikaa akachora. Alichora namna wazazi wake walivyokutana: kijana fundi amebeba cherehani begani kuirudisha kwa wenyewe, mtaa wa Kibokoni, anapiga hodi mlangoni, na msichana aliye juu ghorofani anamkaribisha. Hadithi nzima ilitoka hapo.

Watayarishaji wa maonyesho fulani ya picha hapa mjini waliziona kurasa chache, wakataka hadithi yote ionyeshwe ukutani, ikitembea. Rafiki yangu alikubali kwa sharti moja. Mamake aione kwanza, na akisema hapana, kurasa zirudi kabatini, hapana mtu mwengine atakayeziona.

"Ataikataaje picha ya mumewe?" nikamuuliza.

"Wewe humjui mama," akasema.

Nikaanza kazi. Kwanza ni kuupiga skani kila ukurasa, kisha kukikatakata kila kisanduku cha picha vipande vipande: mtu peke yake, mlango peke yake, ngazi ya ndani peke yake, kila kipande kwenye tabaka lake. Ukimkata mtu, nyuma yake hubaki tundu, na tundu hilo lazima lipakwe rangi, la sivyo akisogea tu utaona weupe. Vipande vikishakuwa tayari unavipanga, hiki karibu na kamera ya ndani ya kompyuta, kile mbali, halafu unaitembeza kamera. Ukikaa kwenye tuktuk ukatazama nje, nguzo za kando ya barabara zakimbia na nyumba za mbali zajikokota. Ni hilo hilo. Picha iliyokuwa bapa inapata kina, na mtazamaji anahisi angeweza kuingia ndani.

Kisanduku cha hodi ndicho nilichokipenda zaidi. Kilikuwa kirefu, kimechukua ukurasa mzima kutoka juu hadi chini. Chini kushoto kijana na cherehani yake kando ya mlango ulio wazi, juu kabisa dirisha la mbao limefunguliwa kidogo. Kiputo kimoja cha maneno chini, "Hodi! Hodi! Hodi!", na kimoja juu dirishani, "Karibu!" Nikaisukuma kamera taratibu kwenda kushoto, nikamweka kijana karibu nayo na mlango nyuma yake, nikavitokeza viputo viwili vifuatane haraka kwa sababu maneno ni machache na msomaji hana haja ya kungojeshwa. Nilipoitazama nilijipongeza. Kwa kweli nilijisifu kwa sauti, na muuza vitambaa chini akaniuliza ni nani ninayezungumza naye.

Tukaipeleka Kibokoni baada ya swala ya alasiri. Mama mtu alitupokea juu, sebuleni, na sahani ya kaimati. Nikamwamkia, akaniitikia, akaniuliza mama yangu hajambo, nyumbani hawajambo, kazi yaendaje, na mimi nikijibu huku mkono uko kwenye kompyuta. Nikaiweka juu ya kigoda mbele yake, nikaiwasha.

Alitabasamu alipoiona karakana ya mumewe. Kikaja kisanduku cha hodi, na uso ukamkunjika. Hadithi ilipokwisha akaifunga kompyuta mwenyewe, polepole.

"Huyu si yeye," akasema.

Rafiki yangu akainama. Mimi nikauliza, mdomo wangu hauna breki, "Si yeye vipi, mama? Sura si hii?"

"Sura ni yake. Lakini yuwaingia. Mtu yuwapiga hodi huku yuwaingia, nyumba ina mwanamwali peke yake juu. Mume wangu hakuwa mtu wa hivyo. Sitaki watu wakamuone hivyo. Kunradhi, mwanangu, umejitaabisha. Haiwezekani."

Haiwezekani. Miezi yote ile, na neno moja. Nilishuka ngazi nimefura. Njiani nikamwambia rafiki yangu kwamba mamake anaona yasiyokuwepo, kwamba kijana yuko nje, amechorwa nje, hakuna mahali alipochorwa ndani hata mara moja. Yeye alikuwa akilia kimyakimya, akanijibu kitu kimoja tu.

"Babangu ndiyo ameshazikwa mara ya pili."

Hapo nikanyamaza. Hata mimi nina pahali pa kunyamaza.

Nikarudi chumbani kwangu nikaitazama tena, nia yangu nipate ushahidi kuwa mama wa watu amekosea. Nikaitazama bila sauti. Nikaitazama polepole. Nikaona. Kamera ikienda kushoto, kila kitu kwenye picha chaja kulia, na kilicho karibu chaja zaidi. Kijana nilimweka karibu, mlango nikauweka nyuma yake. Kwa hivyo alikuwa akiteleza mbele ya mlango, kidogo kidogo, mpaka kinapotokea kiputo cha "Karibu" yeye yuko katikati ya uwazi, cherehani na yote, kizingiti kashakipita. Hakuna aliyemchora akiingia. Kamera yangu ndiyo iliyomwingiza. Bibi yule alikuwa ameona sawasawa, na macho yake hayajasomea kompyuta hata siku moja.

Nikampigia rafiki yangu simu nikamwambia, "Mamako ana haki. Ni mimi." Nadhani hakuwahi kunisikia nikisema hivyo.

Kesho yake tukarudi, mikono mitupu, bila kompyuta. Nikamwomba mama radhi, kisha nikamwomba atueleze alivyosimama yule kijana, kila kitu. Akaona kwamba tunataka kusikia kweli.

"Hodi ni tatu," akasema. "Wewe umezipiga zote kwa pamoja, ta-ta-ta, kama mdai. Wapiga moja, wangoja. Ya pili, wangoja. Ya tatu, na usipoitikiwa warudi ulikotoka. Ndiyo adabu tuliyofunzwa. Yeye aliipiga ya kwanza, mimi nilikuwa nimetoka kuosha nywele, sina hata kanga ya kichwani. Ya pili nikawa natafuta kanga. Nilichungulia dirishani nikamwona yuwahamisha ile cherehani, bega hili kwenda bega hili. Ni chuma tupu, si kitu cha kuchezea. Na hakuitua chini, na hakusogea. Ya tatu sikujibu. Nilisimama tu nikimtazama. Mpaka akageuza uso kuondoka, ndipo nikamwambia karibu."

"Kwa nini hukujibu, mama?" rafiki yangu akauliza.

"Nilitaka kuona kama yuwarudi kweli," akasema, akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa ncha ya leso.

Bintiye hakuwahi kulisikia hilo. Alikuwa amechora kisanduku kimoja kwa yale mawili matatu aliyosimuliwa na babake, na kwenye karatasi kisanduku kimoja chatosha. Hodi zote na karibu yake hukaa pamoja, na msomaji hujigawia muda mwenyewe kichwani. Kwenye kioo hakuna wa kumgawia ila mimi. Na mimi nilimgawia kwa kipimo cha roho yangu.

Tukaanza upya. Kijana na mlango nikawaweka umbali mmoja na kamera, waende pamoja warudi pamoja, asiweze kuteleza hata nikitaka. Kinachosogea mbele kikawa kamba tu ya kuanikia nguo, iliyochorwa mbele ya ukuta, na nyuma ngazi ya ndani. Kile kiputo cha hodi tatu tukakifuta, tukapaka ukuta palipokuwa pake, na rafiki yangu akaandika viputo vitatu kwa mkono wake. Akachora pia picha nyengine ya babake, cherehani ikiwa kwenye bega la pili. Mimi nikapanga: hodi, kiputo kije, kikae, kiondoke. Kimya. Hodi. Bega linabadilika. Kimya. Hodi ya tatu, kisha kamera iache uso wa kijana, ipande ukuta pole pole hadi dirishani, isimame hapo. Kimya tena, ndipo "Karibu".

Kimya hicho cha mwisho kilinitesa. Kila nikikitazama mkono wanijia kukifupisha. Nikakifupisha, rafiki yangu akakirefusha. Nikamwambia watu watadhani mashine imekwama. Akaniambia, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi viti, "Ukikigusa tena nakukata vidole." Nikakiacha.

Siku ya kuirudisha Kibokoni sikula. Nilijua akikataa mara hii hakuna mara nyingine, na mwenzangu hatachora tena, si babake tu, chochote. Mama alijibu salamu zetu zote bila haraka, nami safari hii nikazijibu zake zote, mkono uko pajani. Kisha nikaiwasha.

Karakana. Njia. Mlango. Hodi ya kwanza ikatokea, ikakaa, ikaondoka, na kijana amesimama palepale. Ya pili. Cherehani ikahama bega, na mama akasema "Mm," ndani ya koo. Ya tatu. Kamera ikapanda ukuta, ikafika dirishani, ikasimama. Kimya kikaanza, nami nikawa nahesabu moyoni, nikasema yarabi, ni kirefu mno, nimekiharibu, angalia, hata yeye anaona imekwama.

Mama akainama mbele kidogo, akiwa ameshika leso kifuani.

"Karibu," akasema.

Hakutuambia sisi. Alisema kwa sauti ndogo, ya mtu anayemwambia aliye chini ya dirisha. Kiputo kikatokea baada yake.

Rafiki yangu akaanza kulia, safari hii kwa sauti, na mimi nikahisi mabega yakinishuka, nikagundua kwamba nilikuwa nimeyapandisha tangu wiki iliyopita. Nilikuwa na furaha mpaka nikaona aibu. Tukaiacha hadithi iende mpaka mwisho, na hakuna aliyegusa kitu.

"Mama," rafiki yangu akauliza alipopata pumzi, "tuwaonyeshe watu?"

Mama mtu aliendelea kukitazama kile kioo ambacho sasa kilikuwa cheusi.

"Waonyesheni," akasema. "Lakini musimharakishe."