Dole Gumba Kwenye Mpira wa Maji

Mie nilikuwa fundi bomba. Hilo nalisema mwanzo kwa sababu watu wakiniona na bisibisi na mita ya umeme mfukoni hudhani nilizaliwa na nyaya mkononi. Miaka saba nilichimba mitaro, nikakata bomba, nikafunga koki katika majengo ya serikali kuanzia Temeke hadi Mwananyamala. Umeme niliuogopa kama kila mtu aliyekulia kwenye kibatari.

Aliyenitoa woga alikuwa mtani wangu. Yeye alitoka bara, mie Mzaramo, na makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara. Wenyewe mnajua utani ulivyo. Mtani anaweza kuingia kwako akafunua chungu, akala nyama yote, akakuachia mchuzi, nawe ucheke. Ukikasirika unachekwa wewe. Kwenye karakana yetu yeye alikuwa msaidizi wa fundi umeme, na hapakupita siku bila kunificha spana au kuwaambia watu kwamba sie Wazaramo tumezaliwa tumekaa kitako. Nami nilimjibu kwamba kwao waliona sabuni kwa mara ya kwanza siku waliyoiona bahari. Tulipendana sana, sitasema uongo. Tulikula sahani moja.

Nilipomuuliza umeme ni kitu gani hasa, hakunicheka. Alinipeleka nyuma ya karakana, palipokuwa na tangi juu ya mnara, akaniambia nitazame kazi yangu mwenyewe. Maji ya tangi yale yanasukuma kwenda chini hata kama koki imefungwa. Ule msukumo, akasema, ndio volti. Tangi likiinuliwa juu zaidi, msukumo unazidi, na volti ni vivyo hivyo. Ukifungua koki, maji yanayopita kwenye bomba kwa kila dakika, hayo ndiyo ampea. Na bomba lenyewe linabishana na maji. Likiwa jembamba linabisha sana, likiwa refu linabisha zaidi, likiwa nene linayaachia. Ubishi huo unapimwa kwa omu, na vijana wa siku hizi wanauita ukinzani. Msukumo ukibaki uleule na ubishi ukaongezeka mara mbili, kinachopita ni nusu. Kwisha habari.

Nilihisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Kumbe kitu nilichokiogopa miaka yote nilikuwa nakishika kila siku kwa mikono yangu! Tangu hapo nikawa nabaki baada ya kazi, ananionyesha swichi, fyuzi, jinsi ya kuunga waya. Mwaka mzima alinifundisha bila kuniomba hata sigara. Mtu huyo huyo.

Kisha ikatoka nafasi. Zahanati mpya ilikuwa inajengwa Temeke na ilitaka fundi wa umeme wa kudumu, na nafasi hiyo ilikuja na kota ya vyumba viwili vya saruji. Jamani, kota ile. Mie, mke wangu na mama yangu tulikuwa tunalala chumba kimoja cha udongo kilichovuja kuliko chujio la nazi, na mama alikuwa na kifua kibaya. Kila masika tulimsikiliza akikohoa tukihamisha kitanda chake kutoka kona hadi kona. Nilipomwambia habari ya vyumba vya saruji alianza kuchagua vyombo gani atavichukua. Ndicho nilichokitaka. Sikuitaka sifa ya fundi, nilitaka mama yangu alale pakavu.

Tukajiandikisha wawili, mie na mtani wangu. Fundi mkuu, Mhindi mmoja mtu wa maneno machache na haki nyingi, alisema atatupa jaribio, kila mmoja siku yake. Kazi ilikuwa moja: kupeleka umeme kutoka kwenye bodi kubwa ya swichi ya zahanati hadi chumba cha mwisho wa uwanja, kama yadi mia, uwashe taa tatu na mtambo wa kuchemshia sindano. Waya utachagua mwenyewe stoo. Palikuwa na aina mbili, mnene na mwembamba.

Hapo ndipo ujuzi wangu wa maji uliponichimbia shimo. Kila aliyewahi kushika mpira wa maji anajua: ukiziba mdomo wake kwa dole gumba, maji yanaruka mbali. Mie nimefanya hivyo mara elfu. Kwa hiyo nikajiambia, chumba kiko mbali, umeme unahitaji kuruka mbali, basi waya mwembamba ndio utakaoupa nguvu. Nilijiona nina akili kweli kweli.

Lakini sikutaka kubahatisha. Siku moja kabla ya jaribio langu nilimkuta anakula mihogo kwenye kivuli cha stoo, nikamwambia tuuweke utani pembeni. Maneno hayo kwa watani si mchezo. Mtani akishaambiwa hivyo, anajibu kama ndugu. Aliacha kutafuna. Nikamweleza habari ya dole gumba, nikamuuliza kama waya mwembamba ndio wenye nguvu ya kufika mbali.

Akachagua muhogo mwingine, akasema, "Ndivyo hasa. Wewe mtu wa maji, umeshajua mwenyewe."

Akanikatia kipande cha muhogo, nikala.

Siku ya jaribio nilitandaza waya mwembamba yadi zote mia, kwenda na kurudi, nikafunga kila kiungo vizuri. Nilipomaliza, kabla sijawasha chochote, niliweka mita kule mwisho. Mshale ukasimama kwenye mia mbili thelathini, sawasawa na kwenye bodi. Moyo ukanitulia. Nikawasha taa, zikawaka vizuri. Fundi mkuu akaniambia niwashe na mtambo wa sindano.

Taa zikafifia. Zikawa rangi ya chai. Mshale ukashuka hadi mia mbili na kidogo, ukakaa hapo, na maji ya mtambo yakachukua muda hadi mwuguzi akaenda zake. Fundi mkuu akanishikisha waya. Ulikuwa na joto kama mgongo wa mtoto mwenye homa.

Hakunifokea. Aliniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Nikasema bomba. Akaniuliza, ukivuta bomba la nusu inchi mtaa mzima, koki zote zikiwa zimefungwa, presha kule mwisho ikoje? Nikasema imejaa. Na watu wakifungua? Jibu nililijua toka utotoni. Maji yanatiririka kama mkojo wa mbuzi. Msukumo wote unaliwa njiani kwa ubishi wa bomba, na kadiri maji yanavyopita mengi ndivyo unavyoliwa zaidi. Mita yangu ilinidanganya kwa sababu niliisoma koki ikiwa imefungwa. Zile volti ishirini na kitu zilizopotea ndizo zilizokuwa zinaupasha moto waya.

Jioni hiyo nilikwenda kwenye bomba la mtaa na debe na kipande cha mpira. Niliwapita wanawake kwenye foleni, wakanitukana, sikujali. Nikajaza debe mpira ukiwa wazi, nikihesabu. Nikalimwaga, nikajaza tena nimeziba kwa dole gumba. Maji yaliruka, yakanilowesha shati, yakapiga ukuta, na debe likachukua karibu mara tatu ya muda wa kwanza. Yaliruka kwa kasi, lakini yalikuwa machache. Na dole huziba mdomo tu, mahali padogo pa mwisho, ilhali waya wangu ulikuwa umezibwa yadi mia nzima. Mama mmoja aliuliza kama nimerogwa. Nilitamani ningekuwa nimerogwa.

Nikakumbuka tangi. Nikakumbuka neno lake la mwaka mzima uliopita, kwamba bomba likiwa jembamba linabisha sana. Alilisema yeye, kwa mdomo wake. Hakukosea alipokuwa ananikatia muhogo pale kivulini. Alijua.

Kesho yake akafanya jaribio lake kwa waya mnene, taa hazikutikisika, na nafasi ikawa yake. Nilimfuata karakanani mbele ya wote nikamuuliza kwa nini. Yeye akapiga makofi, akawaambia watu, jamani huyu si mtani wangu? Nimemtania tu! Karakana nzima ikaangua kicheko. Mwingine akanipigapiga begani akaniambia, ndiyo utani huo, umepatikana. Nitawaambia nini? Kwamba tuliuweka pembeni? Tulikuwa wawili tu na mihogo. Kwa desturi ya wazee wetu nilitakiwa nicheke. Nikacheka. Kicheko kile bado kinaniuma kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Mama alivirudisha vyombo vyake mahali pake. Masika ile tulihamisha kitanda kama kawaida.

Miezi ikapita. Asubuhi moja niliagizwa nikatazame maji kwenye kota ya zahanati. Kota ya yule mtani wangu. Mkewe alinifungulia, akanipa shikamoo kwa adabu, akanionyesha koki iliyokuwa inadondosha tone moja moja. Akatoka mume mwenyewe, amenenepa kidogo, akanikaribisha kwa matusi ya utani kama vile tuliachana jana. Nilifuata bomba toka nje. Waliojenga walivuta nusu inchi kutoka barabarani hadi nyuma ya nyumba, masafa marefu, na kota tatu za mbele zinanyonya humo humo.

Ruhusa ya kulichimba upya alikuwa nayo, kilichobaki ni kuandika bomba la ukubwa gani litolewe stoo. Akachuchumaa karibu yangu akaniuliza nimwambie. Na mie, Mungu anisamehe, nililiona jibu limekaa tayari kwenye ulimi. Nusu inchi. Hata ya chini yake. Mwambie liwe jembamba, maji yaruke. Maji yakikatika angenielewa, na angelazimika kucheka.

"Inchi moja na robo," nikasema. "Toka barabarani mpaka hapa. Usikubali pungufu."

Akanitazama, akitafuta mtego uko wapi. "Kweli, mtani?"

"Mtani angekudanganya," nikamwambia. "Mie si mtani wako tena."

Tabasamu lilimfutika usoni. Kwa watu wetu neno hilo halisemwi. Watu hugombana, hupigana, huibiana wake, lakini utani haukatwi, maana ulikuwepo kabla yao. Alikaa kitako kwenye udongo uliolowa akaniomba nisiseme hivyo, akaniita kwa jina langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku moja. Nikakusanya spana zangu, nikamwandikia ukubwa wa bomba kwenye karatasi ili stoo wasije wakakosea, nikamwachia mkewe.