Viatu Vinavyorudi kwa Fundi

Nilipewa miezi mitatu ya majaribio: kupima watoto uzito nyumba kwa nyumba, vijiji vya Butiama, kwa miguu. Mwezi wa kwanza soli ya kiatu changu ilibanduka, miguu ikajaa vidonda, nyumba nne sikuzifikia. Msimamizi wangu akaniambia kavukavu, "Dada, ukikosa tena, nafasi anapewa mwingine."

Nikaenda Musoma, pale mtaa wa Mukendo, nikanunua viatu vipya vyeusi. Nikavinusa: ngozi. Ndani, pa kukanyagia, pamegongwa muhuri wa ngozi halisi. Mimi mtoto wa wafugaji, niliyelala juu ya ngozi ya ng'ombe tangu utoto, nani wa kunidanganya? Mvua mbili tu, vikaanza kumenyuka kama kitunguu, chini yake kitambaa. Nililia kwa hasira, jamani.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Umenunua harufu, wewe! Harufu si inapakwa? Na huo muhuri ni wa hicho kipande cha ndani tu. Huku juu wamekuwekea plastiki."

Kesho yake akanipeleka Bunda, kwa fundi viatu wa Nyasura. Nilidhani atauliza kampuni gani nzuri. Wapi! Aliuliza, "Baba, viatu gani vinarudiga kwako kubadilishwa soli mara ya pili, ya tatu?"

"Vya plastiki havirudi, mama. Vikipasuka vinatupwa." Fundi akatuonyesha vilivyokuwa vinasubiri kwenye benchi. Vingi vilikuwa na nembo ileile moja, soli zimeshonwa kuzunguka kiatu chote, si gundi peke yake. Jozi moja ya nembo hiyo, ya mtumba, alikuwa anaiuza.

Mama alikikunja kiatu. Ikatokea mikunjo midogomidogo isiyofanana. Akachungulia ukingo uliokatwa chini ya ulimi: nyuzinyuzi zimeshikana, hakuna kitambaa. Akadondosha tone la maji mahali pasipopakwa kiwi, ile rangi ya viatu. Polepole likanywewa.

"Vya kiume hivi," nikanung'unika. "Vibaya!"

"Watoto wanasubiri mzani, hawasubiri urembo wako."

Tukavinunua, nikavivaa nimenuna. Lakini baada ya wiki vidonda vilikauka, na nyumba hata moja sikuikosa tena.

Mwezi wa tatu msimamizi akaja kunifuata njiani aone kazi. Kabla ya nyumba ya mwisho, kiatu chake kinachong'aa kikafungua mdomo. Akaketi kwenye jiwe. Moyoni nilifurahi, sitaficha, ila nilimpa kamba akakifunga. Aliitazama njia tuliyotokea, kisha miguu yangu.

"Kumbe kila siku unatembea hivi?"

"Kila siku. Hivi nilivipata kwa fundi mmoja wa Bunda."

Tukafika, tukampima mtoto, alikuwa ameongezeka. Msimamizi akatoa fomu yangu ya majaribio, akaiweka juu ya goti, akasaini. Kisha, bila kuniangalia usoni, akauliza, "Huyo fundi wako, Bunda anakaa upande gani?"