Msamaha wa Kupata Leseni

Mimi si mtu wa hasira, ingawa ndugu zangu wakisikia hivi watacheka mpaka walie. Haya, hasira ninazo, lakini kwa kawaida hupanda zikashuka. Za mwaka wa tisini na tisa zilipanda zikakaa.

Nilikuwa muuguzi na mkunga wa serikali katika hospitali moja ya pwani ya kusini ambayo sitaitaja, maana baadhi ya niliofanya nao kazi wapo na bado tunaamkiana. Nilikuwa nimechoka. Wajawazito wawili kitanda kimoja, glavu zinafuliwa na kuanikwa kama nguo za mtoto, dawa hakuna, na mgonjwa akikosa dawa anamtukana nani? Ananitukana mimi. Kaka yangu alikuwa amenimalizia vyumba viwili kwetu Gazi, vimepigwa lipu na chokaa, na nia yangu ilikuwa niache kazi ya serikali nifungue kliniki yangu mwenyewe. Nipime wajawazito, nizalishe, nifunge vidonda. Wanawake wa pale walikuwa wameshaanza kuniuliza lini. Nikawa nawajibu, leseni ikitoka.

Baraza linalosajili wauguzi kule Nairobi lilikuwa linanijua. Nilifanya mtihani wake nikafaulu, nikapewa cheti cha usajili na nambari yangu. Lakini nambari hiyo ilikuruhusu kuwa muuguzi, haikukuruhusu kufungua mlango wako mwenyewe. Kwa hilo ilitakiwa leseni nyingine, ya kazi ya binafsi, na ili uipate upeleke nakala ya cheti iliyothibitishwa, ripoti ya ukaguzi wa vyumba, na barua ya mwajiri kusema umefanya kazi tangu lini na kwamba huna kesi ya nidhamu. Nakala nilithibitishiwa na wakili. Mkaguzi wa wilaya alikuja Gazi, akatazama madirisha, akauliza choo kiko wapi na maji machafu yanaelekea wapi, akaridhika. Ikabaki barua ya mwajiri. Mimi nilidhani ni kazi ya kuingia na kutoka.

Karani wa utumishi alikuwa mtu wa bara, ila alikuwa amekaa pwani vya kutosha kujua kusema pole kabla hajakuumiza. Akafungua faili langu, akasoma, akalifunga.

"Pole, dada. Barua siwezi kukuandikia. Kuna kesi."

"Kesi ya nani?"

"Yako."

Akanionyesha. Mwaka wa tisini na saba, mwezi wa tisa, niliandikiwa nijieleze kwa nini sikuonekana kazini tangu mwezi wa nane. Barua ilipelekwa kwenye chumba nilichokuwa nimepanga Ukunda. Mimi sikuwepo Ukunda, sikuipata, sikuijibu. Na barua ya kujieleza isiyojibiwa, akaniambia kwa upole wake, haifi. Inakaa wazi. Miaka miwili nilikuwa nikienda zamu, nikizalisha watu, nikiagwa na kusalimiwa, kumbe mimi ni mtoro.

Hapa lazima nieleze, vinginevyo msomaji naye ataniona mtoro. Mwezi ule wa nane vurugu zilipozuka, watu wa bara ndio waliosakwa, na wauguzi wenzangu wa bara waliondoka. Siwalaumu hata kidogo, hata mimi ningeondoka. Zahanati moja juu ya Kikoneni ikabaki haina mtu. Matroni wetu, mama mtu mzima wa hukuhuku pwani, akanikuta kwenye kibaraza cha wodi akaniambia, "Mwanangu, wewe ni mwenyeji, lugha unaijua. Nenda ukanishikie kule mpaka hali itulie. Gari la chanjo linaondoka sasa." Nilikwenda na mkoba wangu na leso niliyojifunga. Nikakaa huko zaidi ya mwezi, nalala chumba cha dawa, nazalisha kwa tochi, wanaume wa kijiji wamejificha msituni kwa kuogopa polisi waliokuwa wakiwasaka wavamizi. Mtu mwingine alipopatikana nikarudi hospitalini, nikaingia zamu. Matroni akaniambia ahsante. Sikudai karatasi. Nani aliyekuwa na akili ya karatasi siku zile?

Kwa hiyo wenzangu walikimbia, mimi nikapelekwa mahali palipokimbiwa, na kwenye faili aliyekimbia ni mimi.

"Na wale walioondoka," nikamwuliza karani, "wao nao wana kesi?"

"Hapana. Ulikuja waraka, wote wakasamehewa. Waliondoka kwa sababu ya hatari."

"Basi niingize kwenye waraka huo."

"Waraka ni wa watu wa bara, dada. Wewe ni mwenyeji. Ulikimbia nini?"

Niliusikia unyusi wa jicho langu la kushoto unacheza peke yake. Nikatoka nje, nikanunua maji ya kunywa, nikarudi.

Nikamwambia mshahara wangu wa miezi ile uliingia wote, sasa serikali inamlipa mtoro? Akatazama mlangoni, akanikaribia. "Hilo usiliamshe. Wakijua watakukata." Juma lililofuata nikapanda mpaka kule zahanati, nikaomba kitabu cha uzazi, nikatoa nakala ya kurasa zenye mwandiko wangu na sahihi yangu, kila mtoto na tarehe yake. Nikamwekea mezani kwa kishindo. Akazipitia moja moja, na nadhani alifurahi kwa dhati, maana alitabasamu. Kisha tabasamu likamtoka.

"Ulikuwa kule kweli," akasema. "Lakini aliyekuhamishia kule ni nani? Barua ya uhamisho haipo. Hii nikiiweka kwenye faili, litakuwa kosa la pili, kufanya kazi kituo usichopangiwa."

Jamani. Nikazikusanya karatasi zangu nikazirudisha mkobani.

Nikaenda kwa matroni. Sikumwendea ofisini, nilimwendea nyumbani, alasiri, kwa heshima. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha ndani, akaniletea chai na mahamri. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Nakumbuka kila kitu," akasema. "Nilikusimamisha pale kibarazani. Ulikuwa umejifunga leso ya buluu."

"Basi mama, niandikie hivyo tu. Mistari miwili."

Akaisogeza sahani ya mahamri upande wangu. Kisha akaniambia kwamba kumhamisha mtumishi hakukuwa kazi yake. Ilikuwa kazi ya daktari mkuu wa wilaya, na siku ile daktari hakupatikana kwa simu, na yeye alikuwa na wanawake wanaojifungua kule bila mtu. Akanituma. Akisema leo kwa maandishi kwamba alituma mtu bila idhini, tena upande ule, wakati ule, kesi inakuwa yake. Na yeye alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Ametumikia tangu msichana, anasubiri pensheni.

"Wewe unataka leseni," akasema, "mimi nataka kwenda nyumbani salama. Usinione mbaya, mwanangu."

Nilimwona mbaya. Nasema kweli. Nilikunywa chai yake huku namwona mbaya, na huku najua kwamba asingenituma, kuna wanawake wangekufa.

"Sasa nifanye nini?"

"Omba msamaha," akasema. "Jibu ile barua. Andika kwamba uliondoka, unajuta, hutarudia. Mwenye kosa la kwanza akiomba hupewa onyo la mdomo na kesi inafungwa. Kamati ya nidhamu mimi nimo. Ikifungwa tu, karani anakuandikia siku hiyohiyo kwamba huna kesi. Na haitakuwa uongo."

Nikaweka kikombe chini. Nikamwambia siombi msamaha kwa kosa nisilolifanya, na nikaaga. Nilikuwa na adabu ya kuaga, hilo najisifu.

Miezi miwili nikashikilia msimamo wangu. Nilimwandikia daktari mkuu. Aliyekuwepo wakati ule alikuwa amehamishwa, na mpya akajibu kwamba jambo hilo lishughulikiwe na hospitali. Niliandikia lile baraza la Nairobi kuuliza kama nakala za kitabu cha uzazi zingetosha badala ya barua. Wakanijibu vizuri tu kwamba usajili wangu uko sawa, lakini mwenendo wa mtumishi anaujua mwajiri, wao hawawezi kumsemea. Ningekuwa mimi ningejibu hivyohivyo. Ndicho kilichonitia wazimu, kwamba kila niliyemwendea alikuwa na haki.

Kisha siku moja niko Gazi, siku yangu ya mapumziko, nafuta vumbi kwenye meza ya kliniki ambayo si kliniki, akaja jirani yangu ameshikilia nguzo ya mlango, uchungu umemshika. Mume alikuwa kazini hotelini, Diani. Nilikuwa na kitanda, glavu, mkasi, kila kitu, na akili yangu. Na leseni sina. Nikimpokea mle ndani na jambo likaharibika, si kliniki tu, hata nambari yangu ya usajili ingefutwa. Nikamsimamishia pikapu ya nazi iliyokuwa inapita. Hakufika hospitali. Alijifungulia njiani, juu ya magunia, mimi nimepiga magoti katikati ya nazi, dereva amegeuka upande anasoma dua. Mtoto alilia, alhamdulillahi. Lakini nilirudi nyumbani na magoti yaliyochubuka, nikamwomba mpwa wangu karatasi ya mistari.

Nikaandika. Kwamba niliondoka kazini bila ruhusa, najuta, sitarudia. Karani akaisoma akanirudishia. "Hujaandika sababu. Lazima sababu iwepo."

"Sababu gani?"

"Iliyokuondoa."

Nikasimama pale kwenye meza yake nikaandika neno moja: niliogopa. Katika maisha yangu niliogopa mara nyingi, lakini kule Kikoneni sikuwa na nafasi ya kuogopa.

Kamati ilikaa Jumatano. Walikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu, matroni katikati, amevaa sare yake imepigwa pasi. Alisoma barua yangu kwa sauti, maana ndio utaratibu. Alipofika kwenye niliogopa, sauti haikumtetemeka. Nilikuwa nasubiri itetemeke. Akaweka karatasi chini, akavua miwani, akanitazama kama vile ndiyo kwanza ananiona.

"Tumekusamehe," akasema.

Nikaangalia mikono yake juu ya barua ile. Nilikuwa na mambo ya kusema tangu siku ile ya chai na mahamri, mengine niliyatunga usiku, mengine nilimsemea kaka yangu mpaka akahama barazani. Nikasema, "Ahsante sana, mama."

Leseni ilitoka kabla mwaka haujaisha. Nimezalisha wengi mno katika vyumba vile viwili, na sijutii hata mmoja. Uongo ule wa kwenye barua nao nimeshauzoea, uko kwenye faili lao, ukae. Ahsante ndiyo inayonichoma, kwa sababu niliisema kwa moyo wote.