Aya ya Mwalimu Kengele

Shuleni walimwita Mwalimu Kengele, na hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini. Akiwaambia darasa la tatu wafunge midomo, darasa la sita upande wa pili wa ukuta nao walinyamaza, na mpishi wa uji jikoni aliweka mwiko chini. Alikuwa mama wa pacha, mke wa fundi cherehani, na mwalimu wa hisabati ambaye mikono yake ilikuwa na chaki hata siku za harusi.

Mwaka aliotimiza miaka arobaini na moja aliamua kuomba shahada ya uzamili katika elimu. Vyeti alikuwa navyo. Barua za wadhamini alizipata bila shida, kwa kuwa si rahisi kumnyima kitu mtu mwenye sauti ile. Kilichobaki ni maelezo binafsi, na ndani yake aya moja tu iliyomtoa jasho: eleza eneo unalopenda kulifanyia utafiti, na sababu zake.

“Aya moja tu?” mumewe alimuuliza, sindano mdomoni. “Mama Pacha, wewe husema aya moja kabla hujavuka kizingiti.”

“Kusema si kuandika, Baba Pacha.”

Akaandika: *Tangu nikiwa mtoto mdogo nimekuwa na shauku kubwa ya elimu, kwani elimu ni ufunguo wa maisha.* Akaisoma kwa sauti. Ilimridhisha. Akatafuta sentensi ya pili, haikuja. Alasiri nzima alikaa na ufunguo wake bila kuona mlango.

Ndipo wifi yake akajitolea. Wifi huyu alifanya kazi mapokezi katika ofisi moja yenye viyoyozi, na tangu hapo hakuna jambo lililomshinda kulitolea ushauri. Aliivuta karatasi, akaisoma huku ameinua nyusi.

“Wifi yangu, hii ni nyembamba. Wasomi wanataka uzito. Weka utandawazi.”

“Utandawazi unahusiana vipi na darasa la tatu?”

“Hapo ndipo watakapokufikiria. Weka na teknolojia. Na vijana, usiwasahau vijana.”

Vikawekwa. Kesho yake aya ilifika kwa mwalimu mkuu, mzee mwenye suti ya kaki na mapenzi makubwa ya maneno marefu. Mkuu hakuwahi kusema “shida” pale ambapo “changamoto mtambuka” ingeweza kupenya. Aliifungia aya ofisini tangu mapumziko hadi kengele ya kwenda nyumbani, akatoka nayo anang’aa kama bwana harusi.

“Mwalimu, nimeivalisha,” alisema.

Kweli ilikuwa imevaa. Sasa ilisema kwamba mwombaji anakusudia *kutafiti changamoto mtambuka za kimkakati katika utoaji wa elimu bora, jumuishi na endelevu kwa wote katika zama za utandawazi na teknolojia, kwa mkabala changamani wa kimfumo.* Kengele aliisoma mara tatu. Kila mara alipofika mwisho alikuta amesahau alikotoka. Lakini ilisikika kama kitu kinachosomwa na watu wenye miwani, akajiambia labda ndivyo uzamili ulivyo.

Mumewe naye alipooneshwa, aliigeuza karatasi huku na huku kama kitambaa kisicho na upande wa nje.

“Nzuri,” alisema. “Ila mbona haina mahali pa kumshukuru Mungu?”

Idara ya elimu ya chuo kikuu iliwaruhusu waombaji kutuma rasimu mapema kwa mhadhiri ambaye angeweza kuwa msimamizi wao. Kengele alichagua mama mmoja, daktari wa falsafa, ambaye ukurasa wake mtandaoni ulisema anashughulika na mazungumzo ya darasani. Akamtumia aya, akaweka na namba ya simu, akaanza kusubiri.

Simu ililia katikati ya kipindi cha michezo. Kengele alikimbilia stoo ya majembe na mafagio, mahali pekee penye kimya, akajifungia.

“Mwalimu, nimesoma aya yako,” sauti ilisema, ya taratibu, isiyo na haraka. “Unataka kutafiti nini?”

“Elimu bora, Dakta.”

“Ya nani?”

“Ya… wote.”

“Shahada yetu ni ya miaka miwili. Wote hatutawamaliza.” Kengele aliona mkono wake umeshika fagio, hakujua tangu lini. “Huo mkabala changamani ni upi?”

“Ni ule, Dakta, ambao… umechanganyika.”

Upande wa pili palikuwa na kikohozi kidogo ambacho kingeweza kuwa kicheko. Kisha Dakta akaeleza, kwa upole kabisa, tofauti kati ya mada na swali la utafiti. Mada ni shamba, alisema, swali ni shimo unalochimba. Akataja mawanda, akataja pengo la maarifa, akataja kitu kiitwacho kitengo cha uchambuzi. Alizungumza kitambo. Mwishowe akauliza:

“Umenielewa, Mwalimu?”

“Ndiyooo, Dakta!”

Ilitoka yenyewe, ndefu, ya kuimba, kwa sauti iliyomfanya kipa nje ya stoo aachie mpira upite. Simu ilipokatika, Kengele alibaki amesimama kati ya mafagio. Alikuwa ameelewa shamba na shimo. Baada ya hapo hakuambulia kitu. Kwa nini basi amesema ndiyo? Hakuna aliyemlazimisha. Dakta hakuwa mkali. Jibu lilikuwa limekaa mdomoni tayari, kama mate.

Saa iliyofuata alikuwa na darasa la tatu, somo la sehemu. Alikunja karatasi ikawa nusu, akaikunja tena ikawa robo, akaeleza vizuri, akageuka.

“Mmeelewa?”

“Ndiyooo, mwalimuuu!”

Aliisikia kama mtu anayesikia saa ya ukutani baada ya kuishi nayo miaka. Akamwendea binti wa dawati la mbele, mwenye mkono wa haraka kuliko wote.

“Wewe, umeelewa nini?”

Binti alifikiri kwa bidii. “Nimeelewa kwamba tumeelewa.”

Darasa lilimpigia makofi. Kengele akamgeukia mvulana wa dirishani: kati ya nusu na robo, ipi kubwa?

“Robo, mwalimu.”

“Kwa nini?”

“Robo ina nne. Nusu ina mbili tu.”

Wenzake walitikisa vichwa kukubali. Ilikuwa hesabu safi kabisa, ila mkate ungegawanywa vibaya. Siku nyingine Kengele angenguruma. Siku hiyo alivuta kiti akaketi kati yao, jambo lililowatia hofu zaidi ya kunguruma, akawauliza mmoja mmoja. Wengi walikuwa na robo kubwa. Mmoja alidai nusu na robo ni karatasi ileile, kwa hiyo ni sawa. Na wote, kila mmoja, walikuwa wamesema ndiyo.

Wiki hiyohiyo kulikuwa na kikao cha walimu. Mkuu aliwasomea waraka wa utaratibu mpya wa kurekodi alama za wanafunzi, akavua miwani.

“Tumeelewana, walimu?”

“Tumeelewana, Mkuu!” chumba kizima kiliitikia, na baadhi tayari walikuwa wameshika mikoba.

“Mkuu,” Kengele alisema, “mimi sijaelewa.”

Mikoba ilirudi chini. Mwalimu wa sayansi alimkanyaga mguu. Mkuu alivaa miwani tena, akasoma fungu lilelile kwa sauti ya juu zaidi.

“Bado, Mkuu. Hizo alama za katikati ya muhula, tunazijumlisha au tunazitafutia wastani?”

Mkuu aliinamia waraka. Alisoma kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akageuza ukurasa, akaurudisha. Nje kuku alipita akilalamika.

“Kusema haki ya Mungu,” Mkuu alisema hatimaye, “hata mimi hapo hapajanikaa sawa.”

Ghafla kila mtu alikuwa na swali. Mwalimu wa sayansi, yule wa kukanyaga, alikuwa na maswali manne. Kikao kilichokuwa kimeisha kiliendelea mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna msiba.

Jumamosi asubuhi Kengele alisogeza vitambaa vya mumewe mezani, akaandika bila kumwita mtu:

*Ninafundisha hisabati darasa la tatu. Nikishaeleza huwauliza wanafunzi kama wameelewa, nao hujibu kwa pamoja kwamba ndiyo. Nilipowauliza mmoja mmoja baada ya somo la sehemu, niliona kuwa wengi hawakuwa wameelewa, na baadhi walikuwa na maelezo yao yenye mantiki, ila si sahihi. Ningependa kuchunguza swali hili: walimu wa madarasa ya chini hutumia maswali gani kupima uelewa katikati ya somo la hisabati, na majibu ya wanafunzi huwaambia nini? Nafikiria kuketi katika vipindi vya walimu wachache, kurekodi maswali yao kwa ruhusa, kisha kuzungumza na baadhi ya wanafunzi mara baada ya somo. Sidai kwamba nitapata dawa. Naomba kujiunga na idara yenu kwa sababu mnasomesha uchambuzi wa mazungumzo ya darasani, na mimi bado sijui namna ya kuchambua nitakachosikia.*

Wifi alipoisoma alishika kiuno. “Haina hata neno moja gumu! Na hapa umekiri kwamba hujui. Nani anaomba kazi kwa kusema hajui?”

“Siombi kazi, wifi. Naomba shule.”

Mkuu aliposikia kwamba utandawazi umeondolewa, alinuna siku mbili, kisha akaomba nakala.

Kengele alituma maombi, akaitwa kwenye usaili. Kulikuwa na meza ndefu, jagi la maji na watu watatu, Dakta akiwa katikati. Bwana mmoja mwenye tai alimtazama juu ya karatasi.

“Mtoto kumjibu mwalimu ndiyo ni adabu. Unataka kutuharibia adabu?”

“La, mheshimiwa. Mimi mwenyewe nilimjibu Dakta ndiyo kwenye simu, kwa adabu kabisa, na sikuwa nimeambulia kitu. Adabu ilikuwepo. Alichokosa Dakta ni habari.”

Dakta alikunywa maji haraka. Bwana wa tai akauliza atawezaje kujua kama wanafunzi hawatamwambia yeye pia kile anachotaka kusikia. Hilo Kengele hakuwa amelifikiria hata kidogo.

“Sijui,” alisema. “Labda nisiwaulize kama wameelewa. Niwape karatasi wakunje, nitazame mikono. Lakini naona bado kuna shimo hapo.”

Bwana wa tai aliandika kitu, uso mkavu kama ubao.

Ujumbe wa kukubaliwa ulifika akiwa kwa mumewe dukani. Aliusoma kwa sauti yake ya kawaida, na wateja wa maduka matatu wakampongeza. “Dakta amenichukua!” aliongeza, na muuza vitambaa wa jirani akatoka mbio kuuliza anaumwa nini. Mkuu alitangaza kwenye mstari wa asubuhi kwamba Mwalimu Kengele anakwenda kufanya utafiti mkubwa kuhusu kukunja karatasi.

Muhula wa kwanza Dakta alimrudishia pendekezo lake la utafiti. Pembeni, kwa kalamu ya risasi, palikuwa na swali: *Walimu wachache ni wangapi?* Chini yake: *Na kwa nini masomo yote ya hisabati? Punguza.* Kengele alilibeba nyumbani, akaketi mwisho wa meza ya cherehani. Mumewe aliuliza kama ni habari mbaya.

“Hapana,” alisema, akitafuta mkasi wa karatasi. “Ni ndefu tu.”